Kiti cha kichwani

Binti mkubwa anakaa kwenye kiti kilicho upande wa kichwa cha jeneza, mkono juu ya ubao, kutoka nyumbani mpaka kaburini. Ndivyo ilivyokuwa kwa jamaa ya Consolate, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Mama yake, Pétronille, alikuwa anarudishwa Luberizi kuzikwa karibu na mashamba ya mpunga aliyolima tangu usichana, na kiti hicho kilikuwa cha Consolate.

Asubuhi ile alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, uani kwao, mtaa wa Kilibula, kama wafiwa wote. Gédéon, mdogo wake, alirudisha nyuma taksi-bisi yake, Hiace nyeupe, akaiegesha karibu na mkeka ili jeneza lisibebwe mbali. Alikuwa ameitengeneza usiku kucha: alitoa viti vya upande mmoja, akaosha sakafu, akaivalisha nyuma matairi mawili meusi yanayong'aa kama viatu vya mchungaji.

Mtu akikaa chini, gurudumu linamtazama machoni. Consolate alikuwa analia, na huku analia alikuwa anasoma. Miaka mingi ya kuuza matairi ya mitumba mtaani Kimanga haimwachi mtu eti kwa sababu amefiwa. 195/70 R15, akasoma. Kimo ni sawa, inaingia kwenye janti, ile chuma ya gurudumu. Halafu: 92H.

Akaacha kulia.

"Gédéon," aliita. "Hii matairi umetoa wapi?"

"Yaya, dada yangu, ni zawadi kwa mama. Nilisema asisafiri na yale ya zamani. Angalia, ni H! Ile ya zamani ilikuwa R tu."

"R tu," Consolate alirudia, taratibu, kama anayeonja chumvi. "H ni mwendo, weye. Kilomita mia mbili na kumi kwa saa. Utakimbia hivyo wapi, mu bonde ya Ruzizi, na ng'ombe zimelala katikati ya barabara? Kilo ni ile namba ya mbele. Tisini na mbili ni kilo mia sita na thelathini kwa tairi moja. Ni tairi ya voiture, gari ndogo ya bwana na bibi wanaoenda misa. Ya zamani iliandikwa ngapi?"

Gédéon aliangalia chini. "Mia moja na ine."

"Kilo mia tisa. Na ilikuwa na C nyuma ya kumi na tano, ya gari ya mizigo. Ulitoa punda, ukafunga mbuzi."

Mtu mmoja mkekani alicheka, akajiziba mdomo na kitenge.

Tarehe ya kutengenezwa haikuonekana. Inapigwa upande mmoja wa tairi, na aliyeyafunga alikuwa amegeuzia upande huo ndani. Consolate alisimama, akakaza kitenge, akalala chali, akajisukuma chini ya gari na simu yenye taa mkononi.

Uani kulitoka mguno kama wa mlango mbovu. Shangazi Agathe, dada wa marehemu baba yao, mwanamke mzito wa mwili na wa maneno, alikuwa wa kwanza kupata sauti.

"Consolate! Mama yako iko mu nyumba hajafunikwa, na weye uko chini ya motokari? Minye sijaona mufiwa wa namna hii!"

"Utaona, shangazi," sauti ilitoka chini ya gari.

Mwisho wa mstari wa DOT, muhuri wa kiwanda, kulikuwa na namba nne: 0911. Wiki ya tisa ya mwaka elfu mbili na kumi na moja. Alipinda ubavu kwa kidole gumba. Mpira ulifunguka nyufa nyembamba kama kisigino cha mlimaji. Juu walikuwa wamepaka dawa ya kung'arisha. Akatambaa hadi tairi lingine. Mwaka uleule.

Akatoka na vumbi mgongoni. "Haitaenda."

"Kaburi limekwisha kuchimbwa," alisema Agathe. "Watu wa Luberizi bako na jua kichwani."

"Basi wangoje na jua, kuliko wachimbe mengine."

Alimuuliza Gédéon, polepole, yale ya zamani yako wapi. Ameyauza kwa kwado, fundi wa matairi aliyemfungia haya, Gédéon akasema, na yule ameshayakata kutengeneza viatu.

Lilibaki duka la Consolate, na hapo ndipo shida ilipokaa. Hafungui mtu biashara maiti ikiwa bado nyumbani, wanasema unamfukuza marehemu. Consolate alitoa ufunguo kiunoni bila kumuangalia mtu, akapanda mbele na Gédéon, wakaenda Kimanga gari likiwa tupu, mwendo wa mgonjwa.

Mathieu, kwado wa jirani na duka, alipoona anafungua mlango alivua kofia. "Mama Conso, leo?"

"Leo. Leta kriki, inua gari."

Kwenye rundo alikuwa na mawili ya kipimo hicho, yenye C, 104/102R. Namba ya pili ni kwa gari linalovaa magurudumu mawili mawili nyuma. Hiace inasoma ya kwanza. Moja lilikuwa na 1822, mpira bado laini. La pili lilikuwa zuri kuliko hilo, lina hata vinyweleo vyake vya kiwandani, halijawahi kugusa lami.

"Hii ni mpya kabisa," Mathieu alisema.

"Imeandikwa 3312. Imezeeka imekaa, kama binti aliyefungiwa ndani." Alilisukuma pembeni. Kisha akakumbuka tairi la akiba, lile linaloning'inia chini ya mkia wa gari. Mathieu akalishusha, wakalifuta tope: kimo kilekile, 104/102R, 4021. Lilikuwa limelika kidogo, lakini ni zima. Wakafunga hayo mawili nyuma, tarehe ikitazama nje, Mathieu akayajaza upepo wa gari la mizigo. Moja la 92 likawekwa kuwa akiba, la kutambaa nalo gari tupu, si zaidi.

Waliporudi Kilibula, jua lilikuwa juu. Jeneza likaingia. Kisha wakaingia watu, kama maji. Juu ya paa zikapanda masufuria, mabenchi, magunia ya unga. Consolate, kwenye kiti cha kichwani, mkono juu ya ubao, aliona kupitia mlangoni jinsi ubavu wa tairi ulivyovimba.

"Vitu vya juu vishuke," alisema. "Na benchi ya nyuma yote ishuke. Hata mia moja na ine ina mwisho wake."

"Minye nishuke?" Agathe alikuwa benchi ya nyuma. "Nishuke, nimuache wifi yangu? Anza weye."

Kila mmoja alikuwa anamngoja, na kila mmoja alikuwa amekaza makalio.

Consolate aliinua mkono kutoka kwenye ubao. Aliuinua kidole kwa kidole. Akainama, akagusisha paji la uso pale kichwani, akashuka.

Baada yake walishuka wa benchi ya nyuma, mmoja mmoja. Vitu vya paa vikateremshwa. Agathe alisimama mlangoni akimwangalia. Consolate akamsukuma taratibu mgongoni: "Kaa pale, shangazi. Asisafiri bila mkono."

Agathe akakaa kichwani, akaweka mkono juu ya ubao.

Wengine walipanda mapikipiki. Consolate alipanda ya kwanza, akamwambia dereva wake afuate Hiace, asiipite. Kwenye bonde, kati ya mpunga na ng'ombe, ndani ya gari walikuwa wanaimba. Sauti ilimfikia vipande vipande. Hakuimba. Alikuwa anaangalia mahali tairi linapokutana na barabara, tumbo dogo la tairi likijikunja na kujinyoosha, mpaka Luberizi.