Nyekundu Iliyobaki kwenye Gurudumu

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilijiona fundi kuliko mafundi wote kati ya Karatu na Arusha. Sisemi hivyo kwa majuto. Mkono wangu ulikuwa mwepesi kweli. Nilikuwa nimefanya kazi miaka minne kwenye kiwanda cha uchapaji mjini, nikisahihisha picha kabla hazijakwenda mashineni, na niliporudi nyumbani kumuuguza mama nilirudi na wembe wangu, brashi zangu, na bomba dogo la kupulizia rangi, nene kama kalamu, ambalo msimamizi wangu aliniachia alipostaafu.

Studio ya picha ya Karatu ilinipokea kwa mashaka. Mwenye studio, mzee mpole aliyevaa koti hata jua likiwaka, alinipa kazi ya kufuta makunyanzi kwenye nyuso za maharusi na kuondoa nzi kwenye picha za ubatizo. Bomba langu lilikuwa ukutani, halina kazi, kwa sababu linataka hewa ya kusukuma rangi na sisi hatukuwa hata na umeme wa uhakika.

Halafu akaja muuza magari.

Alitoka Arusha, mtu mnene mwenye sauti ya chini. Ilikuwa ile miaka ya themanini ambapo ruhusa ya kuingiza magari kutoka nje ilianza kulegezwa, na yeye aliingiza magari yaliyokwisha kutumika. Alifungua bahasha, akaweka mezani picha kubwa ya rangi. Gari la milango minne, refu mgongoni, limeegeshwa kwenye tambarare ya Olbalbal, nyuma yake milima ya kreta. Gari lilikuwa jekundu.

"Hili nimeshauza," alisema. "Yanayokuja bandarini ni aina hii hii, ila ni ya kijani yote. Tangazo linakwenda kwenye kalenda, kalenda zinakwenda kwenye kambi na hoteli zote huku juu. Nataka gari hili liwe la kijani."

Mzee akakohoa. "Labda ungerudi pale Olbalbal ukapige nyingine, magari yakifika."

"Kalenda haisubiri meli, mzee wangu."

"Naweza," nikasema mimi, kabla sijaulizwa.

Muuza magari alinigeukia. Kisha akaniambia jambo ambalo ndilo lilikuwa uzito wote wa kazi ile. Wanunuzi wake, alisema, ni madereva wa watalii na mafundi wao. Watu hao wakiona gari la kijani lenye alama nyekundu mahali popote, hawafikirii picha. Wanafikiri gari liligongwa, likanyooshwa, likapakwa rangi upya. "Wekundu ukibaki hata wa ukubwa wa ukucha," alisema, "umeniharibia jina."

Alipoondoka, mzee aliniambia taratibu kwamba nikishindwa, hataweza tena kunitetea kwa wateja wa aina hiyo. Nitabaki na nzi wa ubatizo. Nilimjibu asiwe na wasiwasi. Nilimaanisha.

Hewa niliipata kwenye gurudumu la akiba la pikapu ya mzee. Fundi wa pancha jirani yetu alilijaza kwa pampu ya mguu, nikaunga mpira mwembamba kutoka kwenye valvu hadi kwenye bomba langu, na rangi ikatoka laini kama pumzi kwenye kioo. Fundi huyo huyo alinigawia gundi ya viraka. Niliilainisha kwa petroli, nikaipaka karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, nikaifunika nayo picha nzima. Halafu kwa wembe nikakata kufuata ukingo wa gari, mkono ukiwa mwepesi ili ukate karatasi tu na usiguse picha, nikabandua vipande vya mlango, boneti na paa kimoja kimoja.

Mtu asiyejua kazi hii angepuliza kijani moja kwa moja. Kijani juu ya nyekundu huzaa rangi ya matope. Kwanza niliziba wekundu kwa rangi nzito ya kijivu, rangi ya maji inayofunika, nikiweka giza pale palipokuwa na giza na mwanga pale palipokuwa na mwanga. Ndipo nikapuliza kijani juu yake, tabaka jembamba baada ya jembamba, nikingoja kila moja likauke.

Lakini gari linalong'aa si rangi moja. Ule mstari mweupe uliolala juu ya boneti haukuwa gari, ulikuwa anga, na anga haibadiliki kwa sababu gari limebadilika. Niliuacha ulivyo. Sehemu ya chini ya milango ilikuwa imekunywa vumbi la Olbalbal, hivyo kijani pale nilikipoza kwa udongo. Hata vumbi lenyewe, kando ya gari, lilikuwa na wekundu hafifu ulioangushwa na mlango, nikaupuliza kijani kidogo sana, kiasi cha kutokiona ukiangalia mara moja.

Nikeli, ule upako unaong'aa kama kioo kwenye bampa, ndiyo iliyonipa raha. Watu hudhani nikeli ni rangi ya fedha. Nikeli haina rangi yake, inaazima ya jirani. Bampa lilikuwa na anga juu, mstari mweusi katikati, ardhi chini, na kwenye mdomo wake wa juu, pale linapotazamana na uso wa gari, uzi mwekundu. Uzi ule nikaugeuza kijani kwa brashi ya nywele chache. Ukanda mwembamba wa nikeli ubavuni nao ulikuwa na kingo nyekundu, nikazigeuza. Nyuma ya kioo cha pembeni, vivyo hivyo. Niliwinda wekundu siku nne, mchana wote mlangoni penye mwanga, lenzi jichoni, nikiimba.

Mwisho nikaukuta mwingine katikati ya wilikapu ya gurudumu la mbele, kile kifuniko cha duara kilichotuna. Alama ndogo ya wima, kama mbegu ya papai. Nikasema, na wewe ulijificha huku. Nikaipaka kijani. Nikanawa mikono, nikamwita mzee. Alitazama kwa lenzi muda mrefu, akasema, "Binti, sikujua," na kwa mzee yule hayo yalikuwa maneno mengi. Nilijisikia mrefu.

Muuza magari alikuwa aje kesho yake saa sita. Asubuhi hiyo aliingia mteja mwingine, mfugaji wa makamo aliyeshuka na lori kutoka upande wa Olbalbal, amejifunga shuka nyekundu, anataka picha ndogo za kitambulisho. Wakati mzee anapanga kiti na pazia, mfugaji alisogea mezani kwangu.

"Gari hili nalijua," alisema. "Lilisimama kwetu. Yule mpiga picha aliniomba nizuie ng'ombe wasipite mbele. Nikasimama naye hapo, bega kwa bega, mpaka amalize."

"Lilikuwa na rangi gani?" nilimuuliza, kwa majivuno tu.

"Jekundu. Sasa umelivika majani." Alicheka. Akainama, akasogeza uso kwenye picha. Wafugaji wale humtambua ndama wao kutoka ng'ambo ya bonde, lenzi hawaihitaji. Kidole chake kikashuka polepole kwenye gurudumu la mbele. "Na huyu askari wa wanyamapori, na sare yake ya kijani, ametoka wapi? Siku ile hakukuwa na askari."

Nilichukua lenzi. Wilikapu hutazama nje, haitazami mlango wake. Katikati ya tumbo lake haiwezi kuliona gari, inamwona yule anayesimama mbele yake. Pale palikuwa na kivuli cheusi cha mpiga picha, na kando yake mtu mrefu, mwembamba, amesimama kwa mguu mmoja. Nilikuwa nimempaka mtu kijani.

"Ni wewe," nilimwambia.

Hakucheka tena. "Mimi sivai hivyo," alisema. "Watu wetu wakiona hivi watasema nini?"

Niliona aibu, na sikuizoea. Kilichonichoma si kwamba nimekosea. Ni kwamba mimi, mzaliwa wa hapa, niliyekua nikiona shuka hizo kila siku ya mnada, niliona wekundu na nikafikiria gari tu.

Aliitwa akapigwe picha zake. Mimi nikabaki na saa mbili na uamuzi. Nikimwacha askari wangu, muuza magari ataondoka ameridhika na hakuna atakayejua ila mtu mmoja. Nikimrudisha mfugaji, wekundu utabaki kwenye gari la kijani, kitu kile kile nilichokatazwa. Mzee alinisihi niache. "Ni nukta," alisema. "Nukta, binti."

Nilizungusha pamba kwenye njiti, nikailowesha kidogo. Rangi yangu ilikuwa ya maji na haikupakwa vanishi bado. Ilitoka kwa mguso wa tatu, na chini yake mtu akarudi, mwekundu, mzima, kama alivyosimama. Nilisawazisha kingo kwa brashi, nikakaa kumngoja mwenye gari.

Alikuja na lenzi yake mwenyewe. Alianza kwenye paa, akashuka boneti, akafuata bampa lote kutoka mwisho hadi mwisho. Alikuwa akitabasamu. Kisha akafika kwenye gurudumu, na tabasamu likaisha.

"Hapa umesahau."

"Sijasahau. Huyo si gari, ni mtu. Njoo nje nikuonyeshe."

Mzee aliangalia dari. Muuza magari alinifuata hadi kwenye gari lake, jeupe, lililoegeshwa barabarani. Nilimwomba achuchumae mbele ya gurudumu na aniambie anaona nini kwenye wilikapu. Alichuchumaa kwa taabu, tumbo likimzuia. Mfugaji alikuwa bado yupo, akingoja picha zake zikauke, na bila kuombwa alikuja akasimama nyuma yake.

Muuza magari akaikodolea macho wilikapu. Katikati ya nikeli ya gari jeupe alijiona yeye mwenyewe, mdogo, mwenye shati la bluu, na juu ya bega lake alama nyekundu iliyosimama wima.

"Fundi yeyote wa magari amekwisha kupiga magoti mbele ya kitu hiki," nilimwambia. "Atajua kuwa ni mtu. Asipoona mtu ndipo atakapouliza nilificha nini."

Aliinuka, akapangusa magoti. "Funga bahasha," alisema.

Kalenda zilitoka. Moja ilitundikwa kwenye mgahawa wa pale stendi ya malori, na mzee wangu, ambaye hakunipa tena nzi wa ubatizo, alikuwa akipita kunywa chai chini yake kwa makusudi. Siku moja ya mnada niliingia nikamkuta mfugaji wangu na watu wanne wa rika lake wamejipanga mbele ya ukuta. Nilisimama mlangoni nisikie watakavyosifu kijani changu.

Hakuna aliyelitaja gari. Mfugaji alikuwa ameweka kidole kwenye gurudumu la mbele, na wenzake, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wanainama kumsalimia yule mtu mwekundu.