Uzito wa Mara ya Pili

Mimi simwamini mtu. Naanza na hilo usije ukasema nilikuficha. Mke wangu husema hata kivuli changu nakidai kitambulisho. Mimi humjibu: na chenyewe kinanifuata cha nini?

Kwa hiyo usishangae nikikwambia kwamba nilimshuku Mama Mizani miaka mitatu mizima, na yeye ndiye mtu wa kwanza kufika kazini kila siku.

Mama Mizani alikuwa mpima ndege wa kituo chetu cha utafiti, kituo chenyewe vyumba vitatu na kabati la madaftari. Zamani aliuza nyanya sokoni. Mtafiti wa kwanza kabisa alimchukua kwa sababu alimwona anasoma mizani ya kuning'iniza bila kumpunja mteja na bila kujipunja mwenyewe. Tangu hapo ni miaka kumi na tisa. Alfajiri anatandika nyavu nyembamba kule matopeni, mto unapomwagikia baharini, na siku nyingine kwenye bwawa la kiwanda cha zamani cha matofali. Anawanasa vitwitwi, wale ndege wadogo wenye miguu mirefu wanaotoka mbali na kwenda mbali zaidi. Anamvisha ndege pete yenye namba mguuni, anamtia kwenye mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe, anapima, anaandika, anamwachia. Mfuko mtupu anaupima upya kila mara, maana ukilowa umande unaongeza gramu.

Mimi ni karani wa takwimu, niliajiriwa kompyuta ya kituo ilipoletwa, mwanzo wa hiyo miaka mitatu. Anachoandika yeye, mimi nakiingiza kwenye kompyuta. Matope sijawahi kuyakanyaga, viatu vyangu haviruhusu.

Sasa sikia nilichokuwa nakiona mimi. Namba ya pete inajitokeza mara ya pili. Ndege yuleyule, gramu hamsini na mbili; siku tisa baadaye, sabini na moja. Loo! Mtu gani ananenepa hivyo kwa siku tisa, sembuse ndege? Nikasema huyu mama macho yamechoka, nikafuta mstari wa pili. Kwenye bwawa nako pete inarudi baada ya wiki tatu na uzito uleule, gramu hazijasogea. Nikasema ahaa, huyu sasa ananakili za zamani ili awahi kwenda nyumbani. Nikafuta pia. Uzito ukibadilika, kakosea, usipobadilika, kadanganya. Hakuwa na pa kutokea, maskini. Na sikumwambia mtu. Nilijisifu moyoni kwamba nasafisha.

Ndipo Daktari, mkuu wetu, akaandika mapitio mafupi kwa ajili ya kamati ya ardhi. Kurasa nne tu: utafiti wa wenzetu unasema nini kuhusu vituo ambako ndege wahamao hutua kula na kujaza mafuta mwilini, na takwimu zetu zinasema nini. Kamati ingekaa Alhamisi ya wiki ya tatu kuanzia hapo. Kampuni moja ilitaka kuyafukia matope ijenge maghala, na kamati ilikuwa tayari kulinda sehemu moja tu. Daktari aliandika kwamba bwawani huhesabiwa ndege elfu tatu kwa siku, matopeni mia nne. Kwa hiyo lilindwe bwawa.

Mama Mizani aliyasoma mapitio hayo akiwa amesimama mlangoni, miwani kwenye ncha ya pua.

"Daktari, haya yamekaa kichwa chini miguu juu," alisema. "Bwawani ni walewale kila siku. Wamekwama. Hawapati chakula cha kutosha, hawanenepi, hawaondoki. Matopeni wanashiba na kuondoka, wanakuja wengine. Hao mia nne wa leo siyo mia nne wa wiki ijayo."

"Mama, mimi naenda na takwimu," Daktari alijibu. "Kwenye takwimu hakuna ndege hata mmoja aliyepimwa mara mbili."

"Hakuna? Mbona nimewapima mimi!"

Mimi niliwaangalia wote wawili kwa zamu. Daktari nilimshuku kwamba watu wa maghala wamemlainisha. Mbona alikuwa na viatu vipya? Mama nilimshuku kwamba anatetea uongo wake. Nikaamua kuanza na huyu wa karibu, nimfume kwa macho yangu.

Jumatano alfajiri nikamwambia nataka kujifunza kazi. Alifurahi, akanipa mabuti ya mumewe, tukashuka matopeni. Mimi nikabeba mizani yangu ya jikoni iliyofichwa ndani ya mkoba, ile ya kupimia unga, niliyokuwa nimeijaribu kwanza kwa mawe ya mizani ya dukani. Kitwitwi wa kwanza alionasa nilimwomba nimpime mwenyewe. Nikapima mfuko mtupu, nikapima na ndege ndani: gramu hamsini na tatu. Namba ya pete nikaiandika kwenye kiganja, halafu kwenye simu, halafu nikaipiga picha.

"Unaandika kama polisi," Mama alisema.

Siku nane baadaye tulirudi. Wavuni akaingia ndege mwenye pete. Nikaisoma namba, nikafungua picha. Ni yeye. Nikampima: sitini na sita. Nikapima tena. Sitini na sita. Mizani yangu, macho yangu, mikono yangu.

Mama akampuliza manyoya chini ya koo. Ngozi ikaonekana, na chini yake mafuta ya manjano yamejaa mahali ambapo wiki iliyopita palikuwa shimo.

"Anakaribia safari," alisema. "Hayo ndiyo yatakayomvusha bahari. Huko katikati hana pa kutua. Akiondoka na mafuta haba anaanguka njiani, basi."

Ile mistari niliyoifuta ndiyo ilikuwa ushahidi wote, wa matopeni na wa bwawani. Siku saba zilibaki kabla ya kamati kukaa.

Ningeweza kunyamaza. Lawama ingemwendea Daktari, na nilikuwa nimeshamwandalia kesi ya viatu. Lakini nilishindwa. Ijumaa asubuhi nikaingia ofisini kwake nikasema yote. Hakufoka. Aliinuka, akafungua kabati, akatoa madaftari ya miaka mitatu, akasema, "Kaa." Siku tatu tulikaa sote, Mama akisoma namba, mimi nikiingiza, Daktari akikokotoa. Mistari mia sita na kumi na moja. Matopeni, karibu gramu mbili kwa siku, kisha ndege anatoweka. Bwawani, wiki kwa wiki, hakuna kitu. Daktari aliandika upya kurasa mbili, na kwenye kurasa hizo aliandika kwamba wale mia nne wa kila siku, kwa msimu mzima, ni maelfu wanaopokezana.

Alhamisi kamati ilisoma, ikauliza maswali hadi mchana, ikaamua: matope yasiguswe, maghala yajengwe upande wa bwawa.

Tulitoka nje. Nilikuwa nimeshamweleza Mama kwamba nilifuta, lakini sikuwa nimemweleza kwa nini. Pale kwenye ngazi nikamwambia: nilidhani unabuni. Nikamwomba radhi.

Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa tena.

"Miaka mitatu," alisema. "Na meza yangu na yako zimeachana hatua nne. Hukuweza kuniuliza?"

Akashuka ngazi taratibu akiwa ameshika ukuta, akaniacha pale juu.