Fisi wa Bibi

Wifi yangu, mke wa kaka, ni mtu wa Iringa. Kisukuma chetu anajua salamu tu. Ndiyo maana iliniuma alipotaka naye aigeuze hadithi ya bibi yetu iwe video. Ile ilikuwa hadithi yangu. Nimelala nayo tangu utotoni.

Tulikuwa tukifanya kazi pamoja kwenye duka langu la kuchapa na kuhariri video, Kahama. Tulikubaliana kila mmoja atengeneze kipande chake kwa akili bandia, tumpelekee bibi huko kwake Segese, na atakachokichagua ndicho tuendelee nacho. Kuhusu mshindi sikuwa na wasiwasi hata kidogo.

Niliandika maelekezo: zizi la miiba usiku, mchoro wa rangi ya mafuta, mipigo ya brashi ionekane, ukungu, rangi za huzuni. Katika masimulizi ya bibi, fisi anayevizia zizi haonekani kamwe, kwa hiyo nikaongeza, "hakuna fisi." Video ikatoka, sekunde chache tu, na fisi kasimama katikati. Nikaandika tena, "fisi asionekane kabisa." Wakaja wawili. Kila nilivyozidi kumkataza ndivyo alivyozidi kuletwa, maana mtambo ulikuwa unalishika lile jina na kulichora.

Wifi naye alikuwa kwenye kompyuta ya pembeni. Nilichungulia, sikatai. Neno fisi halikuwemo popote. Aliandika: "Ng'ombe wote wanainua vichwa kwa pamoja, wanatazama upande mmoja. Nyasi ndefu zinalala polepole, kitu kizito kinapita ndani yake. Kamera imetulia. Bluu iliyokolea, kahawia, rangi nzito." Video yake ilinisisimua mwili, nikasema ni giza mno.

Mwishowe nilichagua yangu yenye fisi mmoja. Alikuwa amechorwa vizuri, kwa kweli.

Segese tulifika mchana. Bibi alitazama ya kwangu, akacheka. "Huyu meno yake mazuri kuliko yangu."

Kisha akatazama ya wifi. Nyasi zilipolala, aliacha kucheka. Akamvuta magotini kitukuu wake aliyekuwa akicheza karibu.

"Nani kakwambia hivi?" akamuuliza wifi.

"Wewe, bibi. Ulipolazwa nikikuuguza, ulinisimulia usiku, kwa Kiswahili. Hukumtaja hata mara moja. Ulikuwa unasema tu, mwenyewe yuko njiani."

Hilo nalijua tangu sijaota meno: kwetu usiku huyo hatajwi, ukimtaja umemwita. Nimelijua miaka yote, na bado nilikaa mbele ya mtambo nikimwita kwa jina lake, tena na tena. Wifi, mgeni, alikuwa amesikiliza usiku mmoja hospitalini, wakati mimi nilikuwa na shughuli zangu dukani.

Nilisubiri bibi aseme ipi ameichagua. Aliinuka, jua likiwaka nje, akaenda kufunga mlango. Kisha akarudi kuketi karibu na wifi.

"Irudie hiyo yako," akamwambia.