Mistari ya Gesi Nzito

Usimwone Mama Chupa kimya ukadhani hana la kusema. Analo, tena tele; wa kumwambia ndiye hana. Mumewe alishatangulia mbele ya haki, wanawe wawili wako nchi za watu na simu zao ni za kuhesabu. Mwenyewe alikuwa fundi wa maabara ya kemia miaka thelathini na moja. Kwenye makaratasi alishastaafu, akabakizwa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na mwenye kutia sahihi ni Daktari, mhadhiri ambaye yeye Mama Chupa ndiye aliyemfundisha kushika pipeti. Dunia hiyo!

Bila ile maabara, jamani, nyumbani kuna nini? Redio na kuta. Kwa hiyo alishinda kazini akiosha vyombo. Kichafu alikiosha, na kilicho safi akakiosha pia.

Jumatano asubuhi Daktari aliingia na karatasi ya spektra mkononi, mchoro wa mistari ambayo mashine inaisoma kwenye gesi. Nyuma yake alikuja binti, mwanafunzi wake wa shahada ya pili, macho mekundu.

"Huyu nilimpa maji mazito, matone matano," Daktari alifoka. "Atengeneze kloridi ya haidrojeni, lakini yenye haidrojeni nzito. Tazama alichoniletea!" Akagonga karatasi penye namba 2,886. "Mistari huku na huku, pengo katikati, na toka mstari hadi mstari kama ishirini na moja. Hii ni haidrojeni ya kawaida. Maji mazito ameyamwaga, akatia ya bombani, na anaona haya kusema."

"Sikuyamwaga, Daktari. Haki ya Mungu."

"Mradi wangu umekushinda. Kesho nakuondoa."

Mama Chupa akavaa miwani. Kila mstari ulikuwa na mdogo wake ubavuni, theluthi ya urefu wake. Hao hawakumshangaza: klorini iko ya aina mbili, nyepesi na nzito, na nzito ndiyo chache. Akasogea upande wa pili wa karatasi, karibu na 2,091, palipokuwa na vijinyasi ambavyo mtu angedhani ni uchafu wa mashine. Akaenda kwenye kompyuta, akapakuza pale. Vijinyasi vikasimama vikawa mistari, kila mmoja na mdogo wake, na mwanya wake kumi na moja hivi.

"Njoo uone, Daktari. Chukua mipira miwili iliyounganishwa kwa springi. Ule mdogo uondoe, weka wenye uzito mara mbili. Springi ni ileile, ila mtikisiko unapungua kasi: 2,886 inashuka hadi 2,091. Na kuzunguka nako kunakuwa kuzito, mwanya wa mistari unabaki karibu nusu. Maji ya bombani matupu yasingekupa mistari hii hata ungepiga magoti. Binti alitia maji mazito."

Daktari akakodoa macho, akapima kwa rula, akapima tena.

"Sawa. Na haya maji ya kawaida yalipitia wapi? Chupa hakuikausha. Uzembe ni uleule."

"Niliikausha kwenye oveni juzi, saa sita nzima," binti alisema, sauti ikikatika. "Nikaifunika, nikaiacha mezani."

Mama Chupa akavua miwani. Jana asubuhi aliikuta ile chupa mezani. Aliona alama za vidole kwenye kioo, akaifunua, akaisuuza bombani, akaifuta nje, akaifunika tena. Ndani yalibaki matone, mengi kuliko yale matano ya maji mazito. Hata hakufikiri, mikono ilijiendea yenyewe.

Hakuna aliyemwona. Mkataba mpya ulikuwa kwenye droo ya Daktari, bado hauna sahihi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yake ingemfikisha mwaka mzima. Aliogopa, aliogopa kwelikweli. Akamtazama yule mtoto wa watu aliyesimama anapangusa pua kwa mkono wa koti la maabara.

"Ni mimi," alisema. "Niliisuuza jana. Binti hana kosa."

Daktari hakufoka, na heri angefoka. Alimshika bega.

"Mama yangu, umechoka. Ijumaa ukabidhi funguo, ukapumzike."

Binti alisema, "Asante, mama," akakimbilia kukausha chupa nyingine kabla Daktari hajabadili mawazo. Ijumaa spektra yake ilitoka safi, 2,091 imesimama wima, na chumba kizima kikaizunguka mashine kwa vigelegele. Mama Chupa aliweka funguo mezani. Hakuna aliyegeuka.

Jumatatu aliamka saa kumi na moja na nusu. Akaoga, akavaa, akafunga viatu, akashika kitasa cha mlango. Hapo ndipo akakumbuka. Akarudi kuketi kitandani, viatu miguuni, akalia kwa sauti, maana hakuwapo wa kumsikia.