Siku Nilipoomba Kikao Kirekodiwe

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena. Nilianza na toroli la kuazima nikibeba kokoto, shule niliishia darasa la tano, na leo nina maduka mawili ya vifaa vya ujenzi, moja Chang'ombe na jingine Area D, na ekari tatu za zabibu nje ya mji. Nimewahi kuuziwa saruji iliyochanganywa na majivu. Nimewahi kufungua stoo asubuhi nikamkuta fisi amelala juu ya mifuko ya chokaa. Sikushangaa. Aliyeshangaa ni fisi.

Kwa hiyo wakulima wenzangu wa zabibu waliponichagua mwenyekiti wa kikundi, niliona ni jambo la kawaida. Tuko kumi na wanne. Tunakutana kwenye banda la kuhifadhia kreti, wengine kwenye viti vya plastiki, wengine juu ya kreti zenyewe.

Tatizo lilianza na salamu. Kila mjumbe niliyekutana naye, baada ya habari za asubuhi, aliniuliza dume linakuja lini.

"Dume gani?"

"La kuzindulia tenki letu la maji. Si uliahidi kwenye kikao, Mwenyekiti?"

Mimi naongea sana, hilo sikatai. Kuongea ndiko kulikoniuzia mabati. Lakini ng'ombe dume mzima? Nilijichunguza kichwani siku tatu, nikaona huu ni uzushi, na kama sikuukata mapema, mwakani wangeniambia niliahidi trekta. Nikaamua. Kikao kijacho kirekodiwe kwa simu, na kiandikiwe muhtasari, neno kwa neno, ili ijulikane kila mtu alisema nini.

Nilimpigia katibu wetu. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mama mpole, lakini upole wake una mstari kama daftari.

"Muhtasari tunaandika siku zote, Mwenyekiti," alisema. "Kurekodi ni jambo jingine. Sauti ya mtu ni yake. Inabidi uwaombe wote, mmoja mmoja, uwaeleze ni ya kazi gani, nani ataitunza na itafutwa lini. Akikataa hata mmoja, haturekodi, tunaandika kwa mkono tu."

"Mwalimu, mimi ndiye mwenyekiti."

"Ndiyo maana unaomba vizuri."

Jumamosi nikasimama. Niliivaa ile suti yangu ya harusi za watu wengine. Nikasema kama alivyonielekeza: "Ndugu wajumbe, kwa heshima na taadhima, naomba ridhaa yenu tukirekodi kikao hiki. Sauti itamsaidia katibu kuandika muhtasari, atakaa nayo yeye peke yake, na muhtasari ukishathibitishwa, ataifuta. Asiyependa aseme, hataulizwa sababu."

Niliona nimemaliza. Kumbe ndiyo nimeanza.

Mmoja alitaka kujua kama simu itachukua na kikohozi chake. Mwalimu akamwambia kikohozi hakiandikwi. Mwingine aliuliza kama sauti itaishia kwenye magrupu ya simu, maana shemeji yake yuko kule. Mwalimu akasema haitatoka kwake. Bibi yetu, mjumbe mwenye umri mkubwa kuliko wote, Mgogo wa pale pale, alisema anaridhia ila hawezi kuongea na kitu ambacho hajakisalimia.

"Shikamoo Bibi, ni simu tu," nikamwambia.

"Marahaba. Ndiyo, na mimi ni mtu tu. Ilete."

Nikaipeleka. Akainama akaisalimia kwa Kigogo, "Mbukwa," akasubiri. Simu ikanyamaza. "Haina adabu," akasema, "lakini naridhia."

Akabaki mmoja, jirani yangu wa shamba, mfanyabiashara wa vitunguu aliyehamia kutoka Kondoa. Huyu ananitania tangu siku niliyojenga uzio mrefu kuliko mizabibu.

"Mwenyekiti, umeomba vizuri mpaka natamani nikukopeshe," akasema. "Naridhia. Ila tufuate taratibu. Muhtasari wa nyuma usomwe kwanza, mpaka kwenye yatokanayo, nao urekodiwe."

"Usomwe! Mimi sina cha kuficha!" nikasema, na kwa mkono wangu mwenyewe nikabonyeza.

Mwalimu akauliza upya, safari hii simu ikisikia, na kila mtu akajibu "naridhia". Mjumbe mmoja akaingia amechelewa, jasho linamtoka. Naye akasimamishwa mlangoni akaombwa. Akadhani ameshtakiwa. Alipoelezwa akaridhia kwa sauti kubwa mpaka kuku wakatoka bandani.

Kisha Mwalimu akafungua lile daftari lake kubwa. Naomba nieleze jambo hapa. Lile daftari nilikuwa nalifahamu vizuri. Kila kikao hunisogezea, nami naweka sahihi, sahihi yangu ndefu kama treni ya umeme, na mkia juu. Miaka miwili yote nilijua ni daftari la mahudhurio.

Alipofika kwenye yatokanayo akarudi kurasa za kikao cha kabla yake, akasoma: "Kuhusu uzinduzi wa tenki, Mwenyekiti alisema yeye si mtu wa soda na biskuti, na kwamba atatoa ng'ombe dume mmoja, mzima, mwenye afya. Wajumbe walipiga makofi. Muhtasari huu ulisomwa katika kikao kilichofuata na kuthibitishwa kuwa ni sahihi. Umesainiwa na Mwenyekiti."

"Mimi? Ulisomwa lini?"

"Kikao kilichopita," Mwalimu akasema. "Ulikuwa unaongea na simu mambo ya nondo. Nikauliza kama kuna marekebisho, ukaniashiria kwa mkono niendelee, ukasaini."

Akaligeuza daftari. Treni yangu ilikuwepo pale, na mkia wake.

Banda zima lilinitazama. "Mwalimu," nikanong'ona, "mimi naondoa ridhaa yangu. Zima hiyo simu."

"Ni haki yako, nitazima sasa hivi." Akanyoosha kidole kwenye simu, ila kabla hajabonyeza akachukua kalamu. "Ila lazima niandike kwamba kurekodi kumesitishwa kwa ombi la Mwenyekiti."

"Hapo hapo kwenye daftari?"

"Hapo hapo, chini ya dume."

"Na sababu?" mwenye vitunguu akauliza.

"Asiyependa haulizwi sababu," Mwalimu akamkumbusha. "Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyetuahidi."

"Basi sababu tunaijua," akasema Bibi. "Ina pembe mbili."

Walicheka mpaka kreti moja ikavunjika na aliyeikalia. Mimi nilisimama pale nikipiga hesabu. Nikizima, wajukuu wao watasoma kwamba nilikimbia. Nikiacha, ni ng'ombe tu. Ng'ombe nimeshaona wengi.

"Acha iwake!" nikasema. Hapo ningekaa chini, ningekuwa nimeokoka. Lakini kukiwa na watu kumi na watatu wananitazama na simu inasikiliza, mdomo wangu huwa haunisubiri. "Na andika vizuri, Mwalimu! Halitakuwa dume la hapa hapa la kukondeana. Litatoka Mpwapwa, la mbegu bora, na litakuja kwenye gari lake peke yake!"

Makofi. Mwalimu alikuwa anaandika kwa kasi mpaka kalamu ikaisha wino, nikamtuma jirani yangu wa vitunguu akanunue nyingine, kwa hela yangu.

Tenki limezinduliwa, nyama ilitosha, na Bibi alilisalimia dume nalo likamjibu. Siku hizi nasomewa kila ukurasa mara mbili kabla ya kusaini. Dume, milioni moja na laki mbili na nusu. Gari na vibali kutoka Mpwapwa, elfu tisini. Kalamu, mia tano. Jumla yake shilingi milioni moja, laki tatu, elfu arobaini na mia tano.