Alichokiacha Ngowa Katika Barua

Ngowa wa Chaani alibeba magunia bandarini kwa miaka ishirini na mbili, mpaka mashine zikachukua mizigo na yeye akapewa kiti cha bawabu kwenye geti la ghala. Zamani mtu alichoka kwa kazi na akalala. Siku hizi huchoka kwa kukaa. Kiti kile kilimpa kitambi, kisha kikampa sukari.

Mwezi wa pili muuguzi wa kliniki alimgusa nyayo kwa uzi mgumu, akamwuliza kama anahisi. Unyayo wa kulia haukuhisi kitu. Kaka yake alianza hivyohivyo, akakatwa mguu gotini, na mwaka haukuisha wakamzika. Tangu siku hiyo Ngowa akawa anaamka na kupapasa mguu wake kwanza, kabla hata ya kusali.

Muuguzi alimwambia apunguze uzito na atie misuli nguvu, ndipo akaenda kwa Velma, binti mwenye jim, ukumbi wa mazoezi, juu ya duka la mabati. Velma hampokei mtu kabla hajamwandikia mambo manne: anachotaka, alipoumia, saa anazopata na vyakula vyake. Vijana humtumia maneno matano kwa simu. Ngowa alichukua kalamu, kama tulivyofundishwa sisi wa rika lake.

“Kwa Kocha Velma. Nina miaka hamsini na minane na kilo mia moja na nne. Nataka sukari ishuke na mguu wangu ubaki. Bega la kulia liliteguka mwaka 2003, mkono hauvuki sikio. Kiuno huuma nikiinama. Unyayo wa kulia umekufa ganzi. Nameza vidonge vya kushusha sukari asubuhi na jioni. Kazini naingia saa moja usiku, kwa hiyo nitakuja Jumatatu na Jumatano saa kumi jioni. Sili pweza wala kamba, hunivimbisha midomo. Ugali napimiwa na mke wangu.”

Mkewe, Nyevu, aliisoma akamwambia hajaandika kwamba kila Jumatano hufunga pamoja na kikundi chao cha maombi, hali kitu mpaka saa kumi na mbili jioni.

“Funga haitangazwi, Nyevu,” akasema. “Nikiiandika si funga tena.”

Tulilelewa hivyo. Ukifunga, unanawa uso, unajipaka mafuta, unanyamaza. Simlaumu.

Jumatatu ilikwenda vizuri. Jumatano alfajiri akameza kidonge kwa maji, na kidonge hakijui siku ya maombi. Saa kumi Velma alimwamkia, akauliza kama amekula mchana. Ngowa akajibu kuwa yuko sawa kabisa. Binti akaona haya kumhoji mzee mara ya pili, kosa ambalo mwenyewe alilikiri baadaye.

Alimkalisha na kumwinua kwenye benchi mara kumi, akampumzisha, akarudia, kisha akamtembeza polepole kwenye mashine. Dakika ya sita mikono ya Ngowa ikaanza kutetemeka. Jasho lilimtoka, lakini lilikuwa baridi. Midomo ikafa ganzi, ukuta ukamkimbia, na akamwuliza Velma kwa nini wamemleta wodi ya kaka yake.

Velma alizima mashine, akamketisha chini. Aliyakumbuka maneno ya barua kuhusu vidonge, akakimbilia soda yenye sukari. Ngowa akafunga meno.

“Bado karibu saa mbili nifungue,” akanong'ona. “Nimefunga.”

Velma akapiga magoti mbele yake.

“Baba, kunywa. Ukizimia siwezi tena kukunywesha. Nitamwambia nini mke wako?”

Macho ya mzee yalijaa hofu, na sijui aliogopa nini zaidi, Mungu au kaburi. Akafungua mdomo. Baada ya robo saa alikuwa bado anatetemeka, akapewa soda nyingine, halafu mkate. Nyevu, aliyepigiwa simu, alipofika alimkuta anajua jina lake mwenyewe na analia kimyakimya.

Velma hakumfukuza. Alimrudishia barua, akasema hatamgusa mpaka aandike lililobaki na kliniki iisome. Ngowa alikaa na kalamu asubuhi nzima, akaongeza: “Kila Jumatano nafunga. Nilikuficha, nikakaribia kufa mikononi mwako. Naogopa sana.”

Kliniki ya siku hizi haina pazia. Muuguzi aliisoma barua kwa sauti kwenye foleni, akamwambia vidonge vile na njaa na mazoezi haviendi pamoja, asifunge tena mpaka daktari amwone na kupanga upya dawa. Benchi la nyuma alikaa Roseline, mwenzake Ngowa katika kikundi cha maombi, na alisikia kila neno.

Zamani mtu angeichana barua ile akaenda zake. Ngowa aliinamisha kichwa, akaiacha mezani ipigwe muhuri, ampelekee Velma.