Mashine ya Pili ya Kukoboa Kahawa

Mwaka 1956, Pastory, katibu wa chama cha wakulima wa kahawa Omurushaka, aliwatafsiria wajumbe barua ya mhandisi mshauri wao wa Mwanza, aliyedai nyongeza ya ada yake, na mkutano ukachafuka.

“Ada imepanda? Umekula naye!” alifoka mzee Rugemalira.

Pastory aliinua barua. “Mzee wangu, anasema tulipoongeza mashine ya pili ya kukoboa, umeme unaohitajika umekaribia maradufu. Jenereta na nyaya alizopanga hazitoshi. Lazima apige hesabu na kuchora ramani upya, na hataanza mpaka tukubali kwa maandishi.”

“Na mashine hiyo aliidai nani?” aliuliza mwenyekiti Nuwagaba.

Rugemalira mwenyewe ndiye aliyeipigania. Aliinama, kisha akasema kwa shida, “Mwandikie aanze.”

Pastory alichukua kalamu, akaanza kuandika jibu.